Shikilia D: namna ya kuzisikia Doriani na Miksolidi

(Hotuba hii niliitoa kwenye semina ya walimu wa kwaya na wapiga kinanda. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yake, nami nayaweka hapa kama nilivyoyasema, isipokuwa zile dakika ambazo tulikuwa tunaimba tu.)

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa wenzangu wa upande wa pili, Bwana asifiwe! Na ndugu zetu wa taarab mliokaa pale nyuma na fidla zenu, asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo mada yetu, zile skeli mbili za kale tunazoziita modi, Doriani na Miksolidi, haina dhehebu, kwa hiyo nimewasalimia wote kabla hatujaanza kugombana kuhusu noti.

Nianze na swali. Nani hapa aliwahi kufundishwa kwamba Doriani ni skeli ya C inayoanzia D, na Miksolidi ni skeli ya C inayoanzia G? Inueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Na si uongo. Ukibonyeza funguo nyeupe tupu kutoka D hadi D umepata Doriani, na kutoka G hadi G umepata Miksolidi. Haya, swali la pili. Nani kati yenu, kwa maelezo hayo hayo, akisikia wimbo redioni anaweza kusema huu ni Doriani, huu ni Miksolidi? Naona mikono imeshuka.

Basi ngoja niwaambie kilichotokea kwenye kwaya moja niliyokuwa naifundisha. Nilimwita kijana wa sauti ya tena, mwenye sikio zuri kuliko wote, nikapiga funguo nyeupe kutoka D hadi D, kwenda juu na kurudi chini. Kisha nikamwambia, "Imba noti ambayo wimbo ukiishia hapo utaona umemalizika." Mnadhani aliimba nini? Aliimba C. Nikarudia, akaimba C tena. Nikapiga kutoka G hadi G. Akaimba C!

Wenzake wakacheka, ila kijana hakuwa na kosa. Sikio lake limelelewa na tenzi, na tenzi karibu zote ni meja. Ukimpa noti saba za C meja, hata uzianzie wapi, sikio lake litaitafuta do yake na litaipata. Wapiga kinanda mnalijua jambo hili vidoleni. Ukipiga kodi ya G yenye F ndani yake, kanisa zima linasubiri C. Sasa utamwambiaje mtu kwamba G ndipo tulipofika, wakati kila kitu masikioni mwake kinamwambia bado tuko njiani?

Kwa maelezo hutaweza. Unahitaji kitu cha kulizuia sikio lisiende C. Kitu hicho ni mvumo: noti moja ya chini inayoshikiliwa bila kukatika, kuanzia mwanzo hadi mwisho, wimbo ukitembea juu yake. D ikilia chini muda wote, hakuna sikio litakaloshawishika kwamba nyumbani ni C. Nilimrudishia yule kijana zile funguo nyeupe, safari hii besi wawili wakishikilia D. Akatulia, akasikiliza, akaimba D.

Kabla hatujaendelea, nieleze mvumo unavyotengenezwa, maana watu wengi huuharibu hapa mwanzoni. Usitumie sauti ya piano, inafifia. Chagua sauti ya ogani, au harmoniamu mkiwa nayo, au waimbaji wawili wa besi wanaopokezana pumzi. Shikilia D iliyo chini ya C ya katikati. Sauti yake iwe ndogo kuliko ya mwimbaji, itoshe tu kusikika. Ukitaka, ongeza A juu yake, yaani noti ya tano, basi. Msiongeze kitu kingine! Nimeona mpiga kinanda akishikilia kodi kamili ya D meja kisha akawaambia watu wasikilize Doriani. Ukiweka noti ya tatu kwenye mvumo umeshaamua jibu kabla ya swali. Na wenye simu, zipo programu za tanpura, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi ambacho kazi yake ni mvumo peke yake. Iweke kwenye D, nyuzi zikilia D na A. Hiyo inatosha kabisa.

Na jambo moja la sol-fa. Nanyi walimu wa sol-fa msinirushie viti. Mila ya John Curwen, ambayo ndiyo iliyotufikia huku kwa mikono ya wamisionari, huimba Doriani kuanzia re na Miksolidi kuanzia so. Kwa kusoma wimbo ni njia nzuri. Kwa zoezi la leo haifai, kwa sababu mwimbaji akisema "re" mdomoni, kichwani mwake do iko chini inamwita. Leo D yetu itaitwa do, na noti zikishuka tutabadilisha majina: mi ikishuka nusu toni ni ma, ti ikishuka ni ta. Hayo yamo kwenye sol-fa yetu tangu zamani.

Sasa tuingie penyewe. Chukueni sentensi hii fupi ya wimbo. Nimeitunga kwa ajili ya leo, haina uzuri wowote, ila ina kila tunachokihitaji. Imbeni kwa meja kwanza:

do – so – la – so – ti – so – fa – mi – re – ti – do

Kwa herufi ni D, A, B, A, C shapu, A, G, F shapu, E, C shapu, D. Ile ti ya kwanza iko juu ya so, ya mwisho iko chini ya do. Mvumo wa D uko chini. Mnaisikia? Ni tenzi tu, hakuna mgeni.

Hatua ya kwanza: tushushe noti moja. Ti iwe ta, yaani C shapu iwe C. Nyingine zote zibaki zilivyo.

do – so – la – so – ta – so – fa – mi – re – ta – do

Tumeimba mara tatu, nami nikawauliza kilichobadilika. Mama mmoja wa alto pale mbele amesema, "Mwisho haunivuti." Nimefurahi sana, kwa sababu hilo ndilo jibu. Ile ti ya zamani iko nusu toni tu chini ya do, inaisukuma mlangoni. Ta iko toni nzima chini. Inafika do kwa kutembea, haivutwi. Na ile ta ya juu, iliyokuja baada ya la, mlisikia? Wimbo ulikuwa mweupe, mchangamfu kama meja, mara ukapanuka. Hiyo, ndugu zangu, ni Miksolidi. Noti ya tatu ni ya meja, noti ya saba imeshuka.

Hatua ya pili: tushushe noti moja tena. Mi iwe ma, F shapu iwe F.

do – so – la – so – ta – so – fa – ma – re – ta – do

Sasa tuko kwenye Doriani. Kati ya ile ya hatua ya kwanza na hii, tofauti ni noti moja tu, ya tatu. Nyingine sita ni zile zile kabisa: do, re, fa, so, la, ta. Nasema tena kwa sababu watu hawaamini: Doriani na Miksolidi zikiwa juu ya mvumo mmoja, zinatofautiana kwa noti moja.

Je, basi hulka ya Doriani iko kwenye ile noti ya tatu? Wengi wanasema ndiyo. Mimi nasema hapana, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Noti ya tatu iliyoshuka inakuambia tu kwamba uko kwenye maina. Maina ya kawaida nayo inayo. Ukitaka kujua nini ni cha Doriani peke yake, twende hatua ya tatu: tushushe B iwe B flati, hapo tunapata maina ya asili.

Tumeimba D, A, B flati, A, kisha tukarudi tukaimba D, A, B, A. Mkasikia? Kwa B flati wimbo unainama, unaegemea A kwa nusu toni, ni msiba wa kawaida tunaoufahamu. Kwa B, mwanga unaingia ghafla mahali ambapo ulishajiandaa kwa giza. Hiyo ndiyo Doriani. Hulka yake iko kwenye noti ya sita.

Na jambo linalonifurahisha mimi kuliko yote ni hili. Hiyo hiyo B ilikuwemo kwenye Miksolidi, tumeiimba muda si mrefu. Kuna aliyeishtukia? Hakuna. Na hiyo C, noti ya saba iliyoshuka, ambayo kwenye Miksolidi ilitufanya tugeuze shingo, imo pia ndani ya Doriani, na huko hakuna anayeishangaa. Kwa nini noti moja iwe habari hapa na isiwe habari pale?

Kwa sababu noti ya tatu inatoa ahadi. Sikio likisikia F shapu juu ya D, linatarajia meja, na katika meja B ni kitu cha kawaida ila C shapu ndiyo inayongojewa. Ikija C badala yake, ahadi imevunjwa. Sikio likisikia F, linatarajia maina, na katika maina C ni ya kawaida ila B flati ndiyo inayongojewa. Ikija B, ahadi imevunjwa mahali pengine. Kwa hiyo mkitaka kuitambua modi kwa masikio, sikilizeni vitu viwili kwa mpangilio huu: kwanza noti ya tatu, ikuambie umeahidiwa nini, kisha noti ya sita au ya saba, ikuambie umepewa nini.

Wapiga kinanda, pimeni umbali kati ya noti hizo mbili. Katika Doriani yetu, kutoka F hadi B. Katika Miksolidi yetu, kutoka F shapu hadi C. Umbali ni ule ule: toni tatu kamili. Ni ule umbali mkali usiokaa vizuri. Kila modi kati ya hizi imeufunga huo ukali kati ya noti yake ya tatu na noti yake ya hulka, na mvumo wa D unakaa chini bila kujibu. Kwenye muziki wa kodi tuliouzoea, ukali huo hutatuliwa: unakwenda mahali, unatulia. Juu ya mvumo hauendi popote. Unabaki ukining'inia, na huko kuning'inia ndiko tunakokusikia kama rangi ya modi.

Wakatoliki hapa wanaufahamu utenzi wa Bikira Maria, Ave maris stella, kwa tuni yake ya Kigregori inayojulikana zaidi. Umewekwa modi ya kwanza, ambayo ndiyo Doriani. Unaanzaje? Re, ruka hadi la, kisha gusa ti. Noti ya kwanza, ya tano, ya sita! Hata noti ya tatu haijafika, tayari ile B imeshawekwa wazi mbele yetu. Na wimbo wa kuingilia wa Misa ya Krismasi ya mchana, Puer natus est, uko modi ya saba, yaani Miksolidi, nao unaanza kwa kuruka noti tano vile vile, G hadi D. Nilikuwa na wanakwaya ambao walikuwa wakizichanganya hizi mbili kila mwaka, kwa sababu ya ule mruko unaofanana. Nikawaambia besi washikilie noti ya kwanza wakati wengine wanaimba. Siku hiyo hiyo ukawa mwisho wa kuchanganya. Mruko unafanana, lakini kinachofuata juu ya mvumo hakifanani hata kidogo.

Naona wengine mnaniuliza kwa macho: mbona Miksolidi inakaa kwa raha juu ya mvumo, na Doriani ina kama kidonda fulani? Ni kweli, na sababu yake imo ndani ya mvumo wenyewe.

Besi akiimba D kwa sauti iliyofunguka, haitoki D peke yake. Juu yake kuna noti nyingine nyembamba zinazolia pamoja nayo: D ya oktava, kisha A, kisha D nyingine, kisha F shapu, kisha A, kisha noti iliyo chini kidogo ya C. Sikilizeni harmoniamu ikishikilia noti moja chumba kikiwa kimya, mtazipata baadhi yake. Sasa tazameni orodha hiyo. F shapu imo. C, au jirani yake wa karibu, imo. Noti mbili zinazoifanya Miksolidi kuwa Miksolidi zimeshatajwa na mvumo kabla mwimbaji hajafungua mdomo!

Kwa hiyo anayeimba Miksolidi anaimba kitu ambacho mvumo unakikubali. Anayeimba Doriani anaweka F mahali ambapo mvumo wenyewe, kule juu, unanong'ona F shapu. Ndiyo maana kuna mkwaruzo. Halafu anaimba B. Na B hiyo ina noti zake nyembamba, ya pili kati yake ikiwa F shapu, ile ile ya mvumo. Mimi naamini hapo ndipo mwanga wa Doriani unapotokea: noti ya tatu inabishana na mvumo, noti ya sita inakubaliana nao. Mtanikatalia baadhi yenu, mkinikatalia tutazungumza wakati wa chai.

Hili lina matokeo ya kazi kwa walimu. Kinanda cha umeme kimegawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikipewa senti 100. F shapu yake iko senti 400 juu ya D. Lakini ile F shapu iliyomo ndani ya mvumo iko kwenye senti 386. Zikilia pamoja, zinapigana. Kwa D hiyo tuliyoshikilia, yenye mitikisiko karibu 147 kwa sekunde, mtasikia mtetemo wa karibu mapigo 6 kwa sekunde kule juu. Mwimbaji aliyezimiwa kinanda na kuachiwa besi wa D tu, ataishusha F shapu yake taratibu hadi mtetemo uishe. Mwacheni ashuke! Msimwambie amepotea. Na kwenye Doriani ni kinyume chake: F ya kinanda iko senti 300, lakini F inayotulia juu ya D iko karibu senti 316, kwa hiyo mwimbaji anapanda kidogo. Maana yake, kwa sauti za watu juu ya mvumo, umbali kati ya Doriani na Miksolidi ni mdogo kuliko wa kinanda: kama senti 70 badala ya 100. Ndiyo sababu mwimbaji mvivu wa sikio anaweza kuangukia katikati, pasiwe Doriani wala Miksolidi. Mkiona wimbo hauna rangi yoyote, chunguzeni noti ya tatu kwanza.

Mfano wa wazi wa mvumo na Miksolidi ni zumari za mfuko za Waskoti. Walioishi Maskati wameziona, maana majeshi ya Oman yana bendi zake. Lile bomba la kupigia wimbo lina noti 9 tu, zinazoandikwa kuanzia G ya chini hadi A ya juu, F na C zote zikiwa shapu. Mabomba mengine matatu hayafanyi kitu isipokuwa kushikilia A: mawili oktava moja chini ya A ya wimbo, moja oktava mbili chini. Hesabuni kutoka A: A, B, C shapu, D, E, F shapu, G. Noti ya tatu ya meja, noti ya saba iliyoshuka. Ni Miksolidi iliyotobolewa kwenye mti, na mvumo umefungwa kwenye mfuko huo huo. Mpigaji hana G shapu ya kukimbilia hata akiitaka.

Tukienda India, nao wana jozi hii hii. Mtaalamu Bhatkhande alipozipanga raga za kaskazini katika makundi 10 yanayoitwa thaat, Kafi ina noti zile zile za Doriani yetu, na Khamaj ina zile za Miksolidi, zote juu ya tanpura. Lakini msikimbilie kusema raga ni modi. Raga ya Khamaj yenyewe hupenda kupanda kwa ti na kushuka kwa ta. Na ndugu wa taarab, naona mmoja wenu ameshika fidla kama anataka kunisahihisha, kwa hiyo niwahi: Bayati, ile modi ya Kiarabu, si Doriani. Noti yake ya pili iko kati ya E na E flati, na kinanda chetu hiki hakina mlango huo.

Sasa kuna wimbo mmoja ambao una modi zote mbili juu ya noti moja ya msingi, na ningependa mwende mkausikilize nyumbani. Ni Norwegian Wood wa Beatles, uliotoka mwaka 1965, ule ambao George Harrison alipiga sitar, gitaa la Kihindi. Beti zake zina E kama msingi, noti ya tatu ni G shapu na noti ya saba ni D iliyoshuka. Miksolidi. Halafu inakuja ile sehemu ya kati, E inabaki kuwa msingi, lakini G shapu inashuka kuwa G. Maina? Subirini. Kodi inayofuata ni A meja, na ndani yake kuna C shapu, noti ya sita isiyoshuka. Doriani! Noti moja imeshuka na chumba kizima kimebadilika rangi, bila msingi kuhama. Nikiufundisha, huwa nawaambia wanafunzi wavume E kwa mdomo uliofungwa tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo na wasiiache. Anayevuma namna hiyo huusikia mgeuko ule kifuani kabla hajajua jina lake.

Ila wavumaji makini huniambia kwamba mwishoni mwa ile sehemu ya kati kitu kinawasumbua. Wako sahihi. Pale inakuja kodi ya B meja, na ndani yake kuna D shapu. Hiyo ni ti, ile inayovuta. Kwa kodi hiyo tu tumetoka kwenye Doriani, ili turudishwe kwenye ubeti.

Nawaambia wapiga kinanda hili kwa upendo: ninyi ndio mnaoziua modi hizi makanisani. Kwaya inaimba wimbo wa Doriani kwenye D, vizuri kabisa, inafika mwisho, C inakwenda D kwa toni nzima. Na vidole vyenu, kwa mazoea, vinapiga A meja yenye C shapu chini yake, kisha D. Kwaya inaimba C, kinanda kinalia C shapu, na mwalimu anawakaripia sauti ya kwanza. Kwa nini asiwakaripie wenye vidole? Mkiambatana na wimbo wa Doriani kwenye D, mtapata kila mnachohitaji kwenye D maina, G meja na C meja. Hiyo G meja ndiyo iliyobeba B, ndiyo yenye hulka, msiibadilishe kuwa G maina. Kwa Miksolidi ni D meja, C meja na G meja, na hapo C meja ndiyo yenye hulka. Kodi ya A meja iwekeni pembeni kwenye nyimbo zote mbili. Mkishindwa kabisa kuizuia, shikilieni D na A tu, mkae kimya na mikono yenu.

Nimeulizwa swali moja na Padre kabla ya kupanda hapa, ngoja nilijibu hadharani, kisha nishuke. Ameuliza: mbona nyimbo nyingi za Kigregori za modi ya kwanza, akiziimba, hausikii huo mwanga wa B ninaousema?

Padre, kwa sababu kwenye nyimbo nyingi za modi hiyo B yenyewe imeandikwa flati. Waimbaji wa zamani walikuwa na desturi: wimbo ukipanda noti moja tu juu ya la kisha ukarudi chini, noti hiyo ililainishwa. Wimbo ukivuka kwenda juu zaidi, ilibaki kama ilivyo. Ndiyo maana Ave maris stella, unaokwea kutoka re ya chini hadi re ya juu katika sentensi yake ya kwanza, una B safi, na mwingine wa modi hiyo hiyo usiovuka noti moja juu ya la una B flati kila mahali, na kwa sikio ni maina tu. Ile namba 1 iliyoandikwa mwanzoni mwa wimbo haitoshi kukuambia utasikia nini. Fungua kitabu, fuata mstari hadi kila B, tazama kama ina alama ya flati au haina. Zikiwa zimechanganyika, na mara nyingi huwa zimechanganyika, zungushia kwa penseli zile zisizo na flati. Kisha waambie besi washikilie re, na sauti nyingine zote ziimbe sentensi zenye penseli peke yake, polepole, kabla ya kuunganisha wimbo mzima.